Nauza cherehani ya mama

"Nauza cherehani ya marehemu mama. Ni Singer orijino ya zamani sana, imara kuliko za siku hizi. Imetulea sote. Ina kumbukumbu nyingi mno, nauza kwa uchungu. Bei maelewano. Wasumbufu msipige."

Tangazo hilo aliliandika mwalimu mstaafu mmoja wa Tanga, akalituma kwa simu kwa majirani, jamaa na mafundi anaofahamiana nao. Matangazo ya namna hii yako mengi, na kila neno lake linaweza kuwa kweli. Mama yake ni marehemu kweli, cherehani iliwalea kweli, na uchungu anao. Hata hivyo, waliopiga simu waliuliza maswali yaleyale: Inashona? Ni ya kukanyaga au ya mkono? Ina tatizo gani? Shilingi ngapi? Mbona unaiuza? Mwalimu akawa anajibu mtihani uleule kutwa nzima, na kila aliyekata simu alikata bila kusema kama atakuja.

Tatizo la tangazo lake ni kwamba mnunuzi hakupata kitu cha kushika. "Orijino" ni dai, "imara" ni sifa, "zamani sana" inaweza kuwa miaka 30 au 90. Kumbukumbu nazo zimetajwa kwa jumla tu, kwa hiyo hazimwambii msomaji chochote kuhusu chombo chenyewe. Kumbe historia ya cherehani ya nyumbani ndiyo taarifa ambayo mnunuzi hawezi kuipata dukani: nani aliitumia, alishona nini, kwa miaka mingapi, ilikaa wapi, iliharibika lini na nani aliitengeneza. Hisia na ukweli havigombanii nafasi katika tangazo. Kila kumbukumbu ikifungwa kwenye jambo ambalo mnunuzi anaweza kulikagua, habari ya mama inabaki na mnunuzi anaelewa anachonunua.

Tuifuate cherehani ya Mwalimu hatua kwa hatua, tangu alipoifuta vumbi hadi alipoandika tangazo la pili.

Ijulikane kwanza ni mashine gani

Neno "Singer" peke yake halitoshi. Kampuni hiyo ilianza Marekani mwaka 1851, na kiwanda chake kikubwa cha Uskochi, mjini Clydebank, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1913 pekee kiwanda hicho kilitoa mashine zaidi ya milioni 1.3. Nyingi zikasafirishwa nchi za nje, na hadi leo Singer kuukuu hupatikana katika nyumba nyingi za miji yetu. Kwa hiyo uzee peke yake hauifanyi cherehani kuwa adimu. Mnunuzi anataka kujua aina, umri na hali.

Aina hutambulikana hata pale kibati kidogo cha modeli kinapokuwa kimeng'oka. Chungulia chini ya sindano. Kama bobini ni ya duara, imesimama wima ndani ya kijumba chake cha chuma kinachochomolewa, na kirungu cha kukazia uzi wa juu kiko upande wa kushoto kabisa wa kichwa, hiyo kwa kawaida ni ya jamii ya 15. Kama bobini ya duara imelala chali chini ya kibati cha kutelezesha, hiyo ni jamii nyingine, kama 99 au 201. Kama bobini ni ndefu na nyembamba, imo ndani ya kijumba chenye umbo la risasi, hiyo ni jamii nyingine tena, kama 28 au 128.

Tofauti hizo zinamgusa mnunuzi mfukoni. Jamii ya 15 ilinakiliwa sana, kwanza Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha China na India. Butterfly ya kukanyaga ambayo mafundi wetu wengi wanaijua ni ya ukoo huohuo. Ndiyo maana bobini, kijumba chake na sindano za jamii ya 15 hupatikana bila shida katika maduka ya vifaa vya ushonaji. Ile ya bobini ndefu inaweza kushona vizuri kabisa, lakini kijumba kikipotea mwenyewe atahangaika. Mwalimu alipochungulia ya kwake akakuta bobini ya duara iliyosimama wima. Hapo akawa tayari ana sentensi moja ya tangazo yenye uzito kuliko "imara kuliko za siku hizi": vipuri vyake ni vilevile vya Butterfly.

Unakili huo una upande wake wa pili. Vichwa vingi vya kunakili vimebandikwa maandishi ya Singer, na stendi ya chuma yenye jina la Singer haithibitishi kichwa kilicho juu yake, kwa sababu mafundi huhamisha vichwa na stendi kila siku. Anayetaka uhakika hutazama namba.

Namba na simulizi zisipopatana

Namba ya Singer imegongwa kwenye chuma cha kitako, upande wa kulia, karibu na mguu wa nguzo ya kichwa. Tangu mwaka 1900 namba hizo huanza na herufi moja au mbili. Zile za Clydebank za kuanzia katikati ya miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 huanza na E ikifuatiwa na herufi nyingine. Kumbukumbu za kiwanda zinaonyesha ni lini kila fungu la namba lilitengwa, na mtu akiwa na herufi na tarakimu zake anaweza kuulinganisha na mwaka. Ikumbukwe tu kwamba tarehe hiyo ni ya fungu kuandikishwa. Mashine yenyewe huenda ilikamilika baadaye, ikasafiri kwa meli, kisha ikakaa dukani kabla ya kununuliwa.

Ishara nyingine ni beji ya shaba iliyopigiliwa kwenye nguzo kwa pini mbili. Iliyo na ukingo wa buluu na miaka 1851 na 1951 ni ya wakati wa maadhimisho ya karne ya kampuni, kwa hiyo mashine hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya vita, hata kama babu anaapa.

Mwalimu alipangusa namba kwa kitambaa laini na tone la mafuta ya cherehani, akasoma EK. Herufi hizo ni za katikati ya miaka ya 1950. Nyumbani kwao lakini siku zote imesemwa kwamba mama aliinunua ikiwa mpya mwaka wa Uhuru, 1961. Hapo ndipo wauzaji wengi hujikwaa. Wengine huficha namba ili wailinde simulizi, na wengine huifuta simulizi kana kwamba mama alidanganya. Hakuna haja ya lolote kati ya hayo. Mama anaweza kuwa alinunua mwaka 1961 mashine iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, au iliyokaa dukani muda mrefu. Tangazo linatakiwa liseme kila jambo na chanzo chake: namba inasema hivi, nyumbani tunasema vile. Mnunuzi anayeona umetenganisha hayo mawili atakuamini pia utakapomwambia kwamba mkanda ni mpya.

Kabla ya kupiga picha, kuna kishawishi cha kuipendezesha. Spiriti hufuta nakshi za dhahabu, kwa sababu vanishi ya zamani iliyozifunika huyeyuka kwa spiriti. Msasa humaliza kilichobaki. Kupaka rangi upya ni vibaya zaidi, maana mnunuzi mzoefu akiona kichwa cha miaka ya 1950 kinang'aa kama kilitoka kiwandani jana, swali lake la kwanza litakuwa rangi hiyo inaficha nini. Kitambaa laini na mafuta mepesi ya cherehani vinatosha. Mafuta ya kula yakae mbali kabisa, kwa sababu hukauka na kuganda ndani, na baada ya miezi michache gurudumu huwa zito kama limefungwa.

Usiseme inashona, onyesha

"Inafanya kazi vizuri" ni maneno ambayo kila muuzaji huyaandika, pamoja na yule ambaye hajaigusa mashine yake kwa miaka kumi. Jaribio ni jepesi. Weka uzi mwekundu juu na mweupe chini. Shona mstari mmoja kwenye tabaka mbili za kitenge, kisha mwingine kwenye tabaka nne za kaki. Geuza kitambaa utazame upande wa chini.

Mshono mzuri hauonyeshi uzi mwekundu upande wa chini wala mweupe upande wa juu. Nyuzi hukutana katikati ya kitambaa. Ukiona upande wa chini uzi mweupe umenyooka huku mwekundu ukifanya vitanzi, uzi wa juu umelegea au haukupita sawasawa katika sahani za kukazia. Hilo mara nyingi ni la kurekebisha kwa kirungu. Mishono ikiruka, yaani nafasi moja ndefu katikati ya fupi, anza na sindano: huenda imepinda, imekuwa butu au imewekwa upande usiofaa. Kitambaa kisiposogea sawasawa, chunguza yale meno yanayokisukuma, kwani huenda yamejaa vumbi la nyuzi au yamelika.

Mwalimu alimwita fundi wa mtaani aje asimamie jaribio. Gurudumu lilikuwa zito. Fundi akalizungusha taratibu kwa mkono kuelekea kwake, akasikiliza.

"Shikamoo, Mwalimu, hii haijafa," akasema. "Ingekuwa chuma kinagongana na chuma ningesikia. Hii mafuta yamegandia tu."

Akaisafisha, akatia mafuta kwenye vitundu vyake vyote, akabadilisha mkanda. Kitenge kikapita bila neno. Kwenye kaki, tabaka nne, mashine ilishona lakini ikasuasua pale pindo lilipokuwa nene. Fundi akainua mguu unaokandamiza kitambaa, akaonyesha meno: ncha zake zimelika. Zinafaa kwa shughuli ya kawaida, ila anayetaka kushona turubai au jinzi nzito atahitaji kuyabadilisha.

Mwalimu alitaka habari ya meno isitajwe. Fundi akamkumbusha kwamba mnunuzi wa cherehani huja na kitambaa chake mfukoni, na dosari atakayoikuta mwenyewe atatakia kupunguziwa bei kuliko ile aliyoambiwa mapema.

Dosari zina historia yake

Kaki ndiyo iliyoifunga habari ya mama kwenye chuma. Mama yake Mwalimu alikuwa akishona sare za shule. Kila mwisho wa mwaka, kabla shule hazijafunguliwa Januari, kaptula za kaki zilikuwa zinajaa sebuleni. Habari hiyo, ikielezwa hivyo tu, ni ya kugusa moyo. Ikiwekwa karibu na habari ya meno, inakuwa pia maelezo ya kitaalamu: meno yamelika kwa sababu mashine ilisukuma kitambaa kizito miaka mingi. Mnunuzi anaelewa kwamba hakuna ajali iliyofichwa, na papo hapo anamwona mama kazini. Hapakuhitajika neno "uchungu" wala "kumbukumbu nyingi mno".

Nakshi za dhahabu nazo zimefutika, na hazikufutika kila mahali. Zimefutika upande wa mbele wa kitako, pale ambapo kitambaa na kiganja hupita wakati wa kushona, lakini juu ya mkono wa mashine bado zinang'aa. Huo ndio uchakavu wa kawaida wa mashine iliyotumika kwa haki. Zingekuwa zimebanduka vipande vipande kila upande, mnunuzi angewaza unyevu au jua. Muuzaji aliyeitazama vizuri anaweza kuandika mahali palipofutika na kilichopafuta, na hapo ametaja dosari na historia kwa pumzi moja.

Meza ya mbao ina doa kubwa jeusi na ufa mfupi upande wa kushoto. Mwaka mmoja wa masika paa lilivuja, na maji yalidondoka hapo usiku kucha. Droo ya kulia haina kishikio. Kile kipete cha mpira kinachogusa gurudumu wakati wa kujaza bobini kimekauka na kupasuka, kama kinavyofanya kwenye mashine nyingi za umri huo. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini bila hicho bobini itajazwa kwa mkono. Vyote hivyo viliingia kwenye tangazo, kila kimoja kwa sentensi moja, na kila kimoja kikapigiwa picha ya karibu mchana, mlangoni, bila taa.

Kilichotolewa ni yale ambayo mnunuzi hana namna ya kuyakagua wala kuyatumia. Mama alikuwa mcheshi. Alikuwa akiimba akishona. Alikataa kuiuza hata mwaka ule wa njaa. Ni mambo mazuri, lakini hayamwambii mtu kama gurudumu linazunguka. Habari nyingine ilitolewa kwa ajili ya usalama. Rasimu ilieleza kwamba Mwalimu anaishi peke yake na ikataja nyumba iko nyuma ya jengo gani. Mtaa unatosha, nyumba mtu ataelekezwa akishapiga simu na kueleweka ni nani. Picha ya wajukuu wamezunguka cherehani nayo iliondolewa.

Sababu ielezwe kwa sentensi moja

Mnunuzi yeyote wa kitu kilichotumika ana swali asilolisema: kama ni kizuri, mbona unakiuza? Muuzaji asipolijibu, mnunuzi atajijibu mwenyewe, na jibu lake litakuwa baya. Akilijibu kwa kirefu mno, atakuwa amefungua mlango wa kulaliwa. "Nina shida ya haraka ya pesa" ni mwaliko kwa mtu kutaja nusu ya bei na kusubiri.

Mwalimu alifanyiwa upasuaji wa goti, na cherehani ya kukanyaga haimfai tena. Katika rasimu alikuwa ameeleza maumivu, hospitali, dawa na gharama. Kilichohitajika kilikuwa sentensi moja: "Goti langu haliwezi tena kukanyaga." Sentensi hiyo inaonyesha kwamba sababu iko kwa muuzaji na mashine haina kosa. Ni ya binafsi bila kuwa ya kuomba huruma, na haimwambii mtu kwamba pesa zinahitajika leo.

Kwa kitu cha urithi kuna jambo la pili la kusema, nalo ni haki ya kuuza. Cherehani ya marehemu si lazima iwe ya yule aliyebaki nayo nyumbani. Ikiwa mirathi haijagawanywa, ndugu mwingine anaweza kuidai hata baada ya mnunuzi kuondoka nayo, na anayeumia kwanza ni mnunuzi. Mwalimu aliwapigia wadogo zake wawili kabla ya kutangaza. Mmoja alikuwa hajui kama dada yake amefikia uamuzi huo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, wewe ndiye uliyekaa nayo. Uza, ila mkasi wa mama niachie mimi." Makubaliano yao yakaandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini na wote watatu. Katika tangazo ikaingia sentensi fupi kwamba ndugu wamekubaliana, na mkasi ukaondolewa kwenye droo kabla ya picha kupigwa. Kitu kisichouzwa kikionekana kwenye picha, mnunuzi ana haki ya kukidai.

Bei na uvumi wa zebaki

"Bei maelewano" humfanya mnunuzi mwenye nia aogope na mpita njia apige simu. Bei ya kitu cha urithi ni ngumu kutaja kwa sababu mwenyewe hujumlisha na mapenzi, na mapenzi hayo mnunuzi hayanunui. Njia ya Mwalimu ilikuwa ya kawaida. Aliulizia bei ya Butterfly mpya ya kukanyaga mjini, kisha bei ambayo mafundi wanauziana Singer kuukuu zinazoshona. Akamuuliza fundi gharama ya meno, kipete cha mpira na kishikio cha droo. Akaanza na bei ya Singer kuukuu iliyo nzima, akatoa gharama za matengenezo, akabakiwa na shilingi 280,000. Akatangaza 300,000, ili mtu akiomba apunguziwe kuwe na cha kupunguza.

Waliomshauri adai mamilioni walikuwa na hadithi yao. Aprili 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani yake, kitu cha thamani kubwa kuliko dhahabu, na kwamba simu ya mkononi ikisogezwa karibu itaionyesha. Watu wakazitafuta kila kona, bei zikaruka hadi riyali 200,000, na polisi wakalazimika kuingilia kati. Zebaki hiyo haikupatikana, kwa sababu kwenye cherehani haimo. Ndani ya Singer mna chuma, mafuta na vumbi la nyuzi. Anayepiga simu kuulizia zebaki nyekundu, au anayetaka kuja na sumaku na simu "kuipima", hanunui cherehani. Mara nyingi ama ametapeliwa, ama anatafuta wa kumtapeli. Mwalimu alimjibu mmoja kwa heshima kwamba hana kitu hicho, akakata.

Tangazo la pili

Baada ya hayo yote, tangazo likawa hivi:

"Nauza cherehani ya kukanyaga aina ya Singer, jamii ya 15, iliyotengenezwa Clydebank, Uskochi. Namba yake inaanza na EK, ya katikati ya miaka ya 1950. Picha ya namba ipo. Nyumbani tunasema mama aliinunua mwaka wa Uhuru, 1961, lakini risiti hatuna.

"Mama aliitumia kushona sare za shule, hasa kaptula za kaki. Kwa hiyo meno yanayosukuma kitambaa yamelika: kitenge na kaki ya kawaida inashona vizuri, pindo nene sana inasuasua. Nakshi za dhahabu zimefutika mbele, pale mkono wake ulipokuwa unapita. Juu bado zipo.

"Mwezi huu fundi ameisafisha, ameitia mafuta na kuifunga mkanda mpya. Tazama picha za mshono, upande wa juu na wa chini. Inatumia bobini na sindano za kawaida, vipuri vyake ni kama vya Butterfly.

"Dosari nyingine: meza ina doa la maji na ufa mfupi upande wa kushoto, paa lilivuja, droo ya kulia haina kishikio, kipete cha mpira cha kujazia bobini kimepasuka. Picha za zote zipo.

"Naiuza kwa sababu goti langu haliwezi tena kukanyaga. Ndugu zangu wamekubali, na tutaandikiana karatasi ya mauziano. Bei ni shilingi 300,000, inapungua kidogo kwa atakayekuja kuiona. Njoo na kitambaa chako uijaribu. Iko Tanga mjini, inahitaji watu wawili kuibeba. Ningependa iende kwa mtu atakayeishonea."

Sentensi ya mwisho ndiyo pekee yenye matakwa ya moyo. Imewekwa mwisho kwa makusudi, baada ya mnunuzi kupata kila anachohitaji, na imesema "ningependa". Ingeandikwa kama sharti, isingetekelezeka, kwani kitu kikishauzwa mwenye nacho mpya anaweza kukiweka mapambo sebuleni au kukiuza tena kesho. Muuzaji asiyeweza kuvumilia hilo afadhali amgawie ndugu kuliko kuuza.

Kukabidhiana

Simu zilizokuja safari hii zilikuwa chache, na karibu zote zilikuwa na swali moja tu: naweza kuja lini? Aliyeinunua ni kijana anayeanza kushona, alikuja na kipande cha jinzi.

"Shikamoo, mama. Umesema pindo nene inasuasua. Nijaribu?"

"Marahaba, mwanangu. Jaribu."

Ikasuasua kweli, kama ilivyoandikwa. Kijana akageuza kitambaa, akachunguza mshono, akataja 260,000. Mwalimu akamwambia gharama ya meno imekwishatolewa kwenye bei, na fundi aliyemtajia yuko mtaa wa pili, aende akamuulize. Wakafungana kwa 280,000. Malipo yalipotumwa kwa simu, Mwalimu hakuridhika na ujumbe uliomwingilia. Alitazama salio lake kwanza, maana ujumbe wa kughushi wa malipo ni utapeli wa siku nyingi. Ndipo wakaandikiana karatasi mbili: aina ya mashine, namba yake yote, dosari zilizotajwa, bei, tarehe, saini zao na za mashahidi wawili. Namba ikiwa kwenye karatasi, kijana ana ushahidi kwamba hakuiokota wala kuiiba, na Mwalimu ana ushahidi kwamba dosari alizitaja.

Yale yaliyotolewa kwenye tangazo Mwalimu hakuyatupa. Aliyaandika kwenye daftari kwa ajili ya wajukuu: nyimbo alizoimba mama, mwaka ule wa njaa, mteja aliyelipa kwa kuku, pamoja na picha za mashine na namba yake. Daftari hilo halina kikomo cha maneno, na ndani yake hakuna mnunuzi wa kuridhishwa. Anayeandika tangazo la kitu cha urithi hufanya vizuri kuanza nalo, aandike yote yanayomjia mpaka yaishe, kisha achukue humo yale tu yanayoweza kukaguliwa kwa macho au kwa mkono.